Chawa wamerudi wiki mbili baada ya dawa, na shule inataka mtoto akae nyumbani mpaka mayai yaishe

Mama_Nuru, Jumatatu usiku

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni msaada wenu, nimechoka, na mtoto amechoka zaidi yangu.

Binti yangu ana miaka 7, yuko darasa la pili. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilimkuta anajikuna nyuma ya masikio mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Nikamfumua nywele, nikawaona. Nilinunua losheni ya pemethrini ya asilimia 1. Nilimwosha kwanza kwa shampuu na kondishena yake ya siku zote ili nywele zilainike, nikampaka ile losheni nywele zikiwa bado zinachuruzika maji, nikangoja kama dakika kumi, nikasuuza. Waliokufa walishuka kwenye beseni wengi tu. Nikajua kazi imekwisha.

Jumatano iliyopita, siku kumi na moja baadaye, namsuka nikaona mmoja anatembea. Kwa uaminifu nikamwambia mwalimu wake. Nikajibiwa mtoto abaki nyumbani mpaka pasiwe na yai hata moja kichwani. Alhamisi hakwenda, Ijumaa hakwenda, leo hakwenda. Na mayai yamejaa, meupe, hayatoki hata ukivuta kwa kucha.

Je, anaambukizwa upya shuleni? Dawa ilikuwa feki? Na ni lazima kweli akae nyumbani? Sijampaka tena, naogopa kumwekea mtoto sumu juu ya sumu.

Baba_wa_Watatu, Jumatatu usiku

Pole sana dada. Mimi yamenikuta mara mbili na watoto wangu, kwa hiyo nakuambia kwa uzoefu. Kosa lako ni moja: hukurudia. Hiyo dawa hupakwa mara mbili, ya kwanza inaua wakubwa, ya pili inaua waliototolewa.

Lakini hata ukirudia, kama hujasafisha nyumba ni kazi bure. Chawa wanaruka kutoka kwenye mto mpaka kichwani, na kwenye godoro wanakaa wiki nzima wakisubiri. Mimi nilipulizia dawa ya wadudu vyumba vyote, nikaanika magodoro juani siku tatu, midoli yote nikaifungia kwenye mifuko mwezi mzima. Na mwoshe nywele kila siku, chawa hapendi usafi.

Shangazi_Mpole, Jumatatu usiku

Mama Nuru usipoteze hela kwa losheni. Mwanangu alianza hivyohivyo, kujikuna, halafu kichwani pakatoka mduara wenye magamba, nywele zikakatikia hapo. Tulipaka kila kitu. Daktari alipomwona akampa vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa ndipo akapona. Muombe daktari vidonge.

Nesi_Mstaafu, Jumatatu usiku

Hamjambo nyote. Nimehudumia shule za msingi miaka mingi, na vichwa nilivyovipekua sina hesabu yake.

Shangazi, hayo uliyoyaeleza ni mapunye. Yale ni fangasi, na ni kweli losheni peke yake haiyawezi. Kwa Nuru ni jambo jingine, mama yake amemwona mdudu akitembea. Vidonge vya mapunye havimsumbui chawa hata kidogo.

Mama Nuru, kabla sijasema neno naomba ukaangalie mambo matatu, maana jibu la maswali yako yote liko kichwani mwa mtoto. Kwanza, chukua rula. Hayo mayai meupe yako umbali gani kutoka kwenye ngozi? Tazama pia kama kuna mengine ya rangi ya kahawia yaliyokaribiana na ngozi, hasa nyuma ya masikio na kwenye kisogo. Pili, mlowanishe nywele, mpake kondishena nyingi, uchane kwa kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana, na kila ukichana pangusa kitana kwenye karatasi nyeupe. Niambie umepata wangapi, na wana ukubwa gani. Tatu, ni nani wengine ndani ya nyumba, na nani analala na nani?

Mama_Nuru, Jumanne asubuhi

Shikamoo mama. Nimefanya kama ulivyosema, imenichukua zaidi ya saa nzima.

Mayai meupe mengi yako sentimita mbili mpaka tatu kutoka kwenye ngozi. Nyuma ya sikio la kushoto nimeona kama matano au sita ya kahawia, hayo yako chini kabisa, karibu yanaigusa ngozi. Kwenye karatasi nimepata wakubwa wawili, kama punje ya ufuta hivi, na wadogo wanne ambao bila mwanga wa dirisha nisingewaona.

Nyumbani tuko mimi, kaka yake wa miaka 10 mwenye nywele fupi sana, na mdogo wake wa miaka 4. Nuru na mdogo wake wanalala kitanda kimoja. Sikumpekua huyo mdogo kwa sababu hajikuni.

Nesi_Mstaafu, Jumanne asubuhi

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, sasa tuzungumze.

Tuanze na rula yako. Chawa hutaga yai kwenye unywele palepale unapotokea kwenye ngozi, kwa sababu yai linahitaji joto la kichwa. Analigandisha kwa gundi yake, na ndiyo maana kucha inashindwa. Yai hutotolewa kwa siku saba mpaka kumi hivi. Ganda tupu linabaki pale pale kwenye unywele, na unywele unaendelea kukua, takriban sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo ganda lililo sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ngozi limesafirishwa na unywele kwa miezi miwili au mitatu. Ndani hamna kitu. Wewe unahangaika kuyavuta, na shule imemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya maganda.

Na rula hiyohiyo inakuambia la pili: Nuru hakupata chawa wiki mbili zilizopita. Alikuwa nao miezi miwili au zaidi kabla hujaona, amekaa nao darasani siku zote hizo. Mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza huanza kujikuna baada ya wiki nne mpaka sita, kwa sababu kinachowasha ni mwili kuyakataa mate ya chawa, na mwili unachukua muda kujifunza kuyakataa. Ndiyo sababu siridhiki ukiniambia mdogo wake hajikuni. Analala na Nuru kichwa kwa kichwa kila usiku. Mpekue leo.

Yale matano ya kahawia ndiyo ya kuhangaika nayo. Hayo yako karibu na ngozi, ni mapya, yana kitu ndani.

Sasa dawa yako. Nadhani haikuwa feki, maana umesema walikufa. Kulikuwa na makosa mawili siku ile na la tatu lilifuata. Kondishena huacha utando juu ya unywele, pemethrini inashindwa kushika. Nywele zilizokuwa zinachuruzika maji nazo ziliipunguza nguvu dawa. Pemethrini hupakwa kwenye nywele zilizooshwa kwa shampuu isiyo na kondishena, ukazifuta kwa taulo mpaka zikabaki na unyevu tu. Halafu kaka yetu hapo juu ana haki kuhusu kurudia. Pemethrini haiyaui mayai kwa uhakika, kwa hiyo kupaka mara moja ni kuacha kizazi kizima ndani ya maganda.

Baba_wa_Watatu, Jumanne asubuhi

Asante mama kwa kunipa haki yangu. Ila naomba nieleweshwe, arudie baada ya siku ngapi? Mimi nilirudia baada ya siku tatu nikadhani nawahi.

Nesi_Mstaafu, Jumanne mchana

Siku tatu ni mapema mno baba. Chukua siku ya kupaka kama siku ya sifuri. Yai lililotagwa asubuhi ya siku hiyo huenda likatotolewa siku ya saba, ya nane, au ya tisa. Ukirudia siku ya tatu, mayai mengi bado yamefungwa, dawa inapita juu yake. Sasa tazama upande wa pili: chawa aliyetotolewa siku ya kwanza baada ya dawa anahitaji siku tisa mpaka kumi na mbili hivi ndipo aanze kutaga. Ukichelewa mpaka wiki mbili, ameshataga, mnaanza upya. Kati ya hapo kuna siku chache ambazo karibu mayai yote yamepasuka na hakuna mtoto wa chawa aliyefikia kutaga. Kwa pemethrini ndiyo maana wengi tunasema siku ya tisa. Mama Nuru alikaa mpaka siku ya kumi na moja ndipo akaona mmoja, na leo ni ya kumi na saba. Wale wakubwa wawili kwenye karatasi wanaweza kabisa kuwa watoto wa mayai yaliyoponyoka siku ile.

Naomba nikurekebishe mambo mawili kwa heshima. Chawa haruki wala hapepei, miguu yake imeumbwa kushika unywele na kutambaa. Anahama vichwa vikigusana. Na akidondoka kwenye mto, bila damu hakai zaidi ya siku moja au mbili, godoroni hana wiki nzima. Foronya, taulo, kofia na vitana vilivyotumika siku mbili za mwisho vinatosha, vifuliwe au viloweshwe kwenye maji ya moto ya nyuzi 54 au zaidi. Kupulizia dawa ya wadudu chumba anacholala mtoto hakuongezi lolote ila sumu anayoivuta puani. Na kuoshwa nywele kila siku hakumwondoi, chawa anashikilia unywele na kungoja maji yapite. Nimewakuta kwenye vichwa visafi kuliko changu.

Baba_wa_Watatu, Jumanne mchana

Nimekuelewa mama. Ile ya kupulizia nilimfanyia hata mtoto wa miezi mitano akiwa chumba cha pili. Nimeumia kusikia.

Msusi_wa_Mtaa, Jumanne mchana

Mimi ni msusi, niseme kuhusu kuchana maana watu wanaambiwa "chana" kama ni jambo la dakika tano.

Kitana kiwe cha chuma, meno marefu, nafasi kati ya meno iwe finyu kiasi kwamba unywele unapita kwa shida. Vya plastiki vinavyokuja ndani ya boksi la dawa vingi meno yake yanapinda, chawa mdogo anapita katikati. Lowanisha nywele, paka kondishena mpaka ziwe na utelezi kama sabuni, chawa akilowana hivyo anatulia hakimbii. Tangulia na chanuo la meno mapana uondoe mafundo yote. Halafu gawa mafungu, kila fungu lisizidi upana wa kidole. Kitana kianze kwenye ngozi kabisa, ukikisikia kinagusa, ndipo ukivute mpaka mwisho wa unywele. Pangusa kwenye karatasi. Fungu moja pitisha mara tatu au nne, kwa pande tofauti, ndipo ulibane pembeni uende jingine.

Kwa nywele za kipilipili kitana hicho hakipiti zikiwa kavu, usijaribu, utamkata nywele na kumliza. Hata zikiwa na kondishena, nyoosha fungu kwa vidole huku ukichana, na fungu liwe dogo zaidi. Nina wateja ambao tulikubaliana kunyoa tu, na kwa mvulana mara nyingi hana shida. Kwa msichana muulizeni mwenyewe kwanza. Nilishamnyoa mtoto aliyelia mpaka akatapika, sitarudia.

Na mtoto asisukwe kipindi hiki. Chini ya mabutu huoni kitu.

Mama_Nuru, Jumanne mchana

Dada msusi, hapa nachanganyikiwa. Mama Nesi anasema kondishena inaharibu dawa, wewe unasema nipake nyingi.

Msusi_wa_Mtaa, Jumanne mchana

Ni siku mbili tofauti. Siku ya pemethrini hakuna kondishena, na siku moja au mbili zinazofuata usimwoshe kabisa, wacha dawa ikae kwenye unywele. Kondishena ni ya siku za kuchana.

Kijana_wa_Zamani, Jumanne jioni

Mnajitesa jamani. Sisi tulipakwa mafuta ya taa, tukafungwa kitambaa, asubuhi wamekufa wote. Na tupo hai.

Nesi_Mstaafu, Jumanne jioni

Mwanangu, mimi nilimpokea mtoto aliyepakwa mafuta ya taa. Ngozi ya kichwa ilikuwa imechubuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na jicho moja halikufunguka siku mbili. Yeye aliwahi kuoshwa. Angekaa karibu na moto tungezungumza habari nyingine. Dawa za shambani na za mifugo nazo ni hivyo hivyo, zinapenya ngozi ya mtoto. Nawaombeni sana msizitaje hapa kama mbadala.

Kijana_wa_Zamani, Jumanne jioni

Sawa mama, nimesikia. Sikuliona hilo la moto.

Mama_Nuru, Jumanne usiku

Mama, nimempekua mdogo wake. Tisa. Tisa kwenye karatasi, na hajikuni hata kidogo! Mimi mwenyewe nimechanwa na dada wa jirani, mmoja. Kaka yao hana kitu, nimempitisha kitana mara mbili.

Kwa hiyo huenda Nuru alikuwa anawapata hapahapa kitandani, na mimi nimekuwa nikilaumu watoto wa watu. Sasa nifanye nini, nirudie pemethrini au ninunue nyingine?

Nesi_Mstaafu, Jumanne usiku

Huenda ni mdogo wake, huenda ni mayai yaliyobaki, huenda ni vyote viwili. Kwa tulichonacho hatuwezi kutenganisha, na kwa bahati nzuri tiba haibadiliki: wote watatu mnatibiwa usiku mmoja. Kaka yao msimpake chochote, mchaneni tu kila baada ya siku chache. Dawa ni ya mwenye chawa hai.

Kuhusu ipi, ningekuwa mimi ningechukua daimethikoni ya asilimia 4 kama mfamasia wako anayo. Pemethrini ni sumu ya mishipa ya fahamu ya mdudu, na katika nchi nyingi chawa wameizoea, kwa hiyo hata ukiipaka sawasawa huenda wengine wakabaki. Daimethikoni ni kama mafuta mazito, inamfunika chawa na kumziba, na usugu ule wa pemethrini hauizuii kufanya kazi. Hofu yako ya sumu juu ya sumu nayo inapungua.

Hii hupakwa kwenye nywele kavu, tofauti na ile nyingine. Anza kwenye ngozi, nyuma ya masikio na kisogo usipakimbie, shuka mpaka ncha. Iache saa nane au usiku kucha, asubuhi oshea shampuu, na urudie baada ya siku saba. Lakini soma karatasi iliyo ndani ya boksi, kwa sababu muda na umri hutofautiana kati ya aina na aina. Nywele zikiwa nayo zinashika moto upesi, kwa hiyo msikae karibu na mshumaa, jiko wala mtu anayevuta sigara, na usizikaushe kwa mashine. Sakafu ikidondokewa inateleza, wapakie sehemu moja.

Wakikosa hiyo, rudia pemethrini kwa njia niliyokueleza, halafu baada ya saa nane mpaka kumi na mbili wachane. Ukipata waliokufa au wanaojikokota, dawa inafanya kazi, waache. Ukikuta wanakimbia kama jana, hiyo dawa haiwawezi, usiipake tena na tena, badilisha.

Ukiona vidonda vinavyotoa usaha, tezi zimevimba nyuma ya masikio au shingoni, au homa, acha hayo yote umpeleke kwa daktari, ngozi itakuwa imeingiliwa na bakteria.

Mwalimu_wa_Pili, Jumanne usiku

Nimesoma uzi huu tangu jana nikisita kuandika. Mimi si mwalimu wa Nuru, lakini nafundisha darasa la pili na ningefanya alichofanya mwenzangu. Nina watoto 48. Wanakaa watatu dawati moja, wanasoma kitabu kimoja, vichwa vimeegemeana. Mmoja akijulikana ana chawa, kesho yake wazazi sita wako mlangoni kwangu. Mtoto mwenyewe anachekwa, hakuna anayetaka kukaa naye. Kumwambia apumzike nyumbani ni kumkinga na aibu pia. Mnataka mwalimu afanye nini?

Nesi_Mstaafu, Jumanne usiku

Mwalimu, nashukuru umeandika. Hilo la vichwa vimeegemeana kwenye kitabu kimoja ni kweli tupu, ndipo wanapohamia. Sitakuambia hawaambukizani darasani.

Lakini hesabu ya rula ndiyo hiyo hiyo. Siku unapomgundua, amekuwa nao wiki kadhaa au miezi, na wenzake wa dawati wameshakuwa karibu naye muda wote huo. Kumtoa saa nne asubuhi hakumwokoi mtu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilieleza tena mwaka 2022 kwamba mtoto mwenye afya asizuiwe shule kwa sababu ya chawa wala mayai, amalize siku yake, atibiwe nyumbani. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza nayo inasema hakuna haja ya kumweka mtoto nyumbani. Chawa wa kichwani hasambazi ugonjwa kama anavyofanya chawa wa mwilini, yule wa kwenye mishono ya nguo. Na sharti la "yai lisiwepo" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu maganda yanabaki miezi baada ya chawa wa mwisho kufa. Nimeshamwona mtoto aliyekosa wiki tatu akiwa hana hata chawa mmoja hai. Alikuwa na mba na vipande vya mafuta ya nywele. Mba ukiupuliza unaondoka, yai huliburuzi hata kwa kidole.

Mwalimu_wa_Pili, Jumatano asubuhi

Nakubali kuhusu mayai. Kuhusu chawa hai bado moyo wangu mzito. Naweza kukubali hivi: amalize siku, asiambiwe mbele ya wenzake, mzazi apigiwe simu jioni, atibiwe usiku, kesho arudi. Lakini mzazi asipotibu je? Yupo mtoto mwaka jana nilimpigia mama yake mara nne.

Baba_wa_Watatu, Jumatano asubuhi

Mwalimu, mimi ningependa darasa zima tuandikiwe barua bila jina la mtoto, "wapekueni watoto wenu Jumamosi hii". Mtoto mmoja akitibiwa peke yake, rafiki yake wa dawati anamrudishia.

Mwalimu_wa_Pili, Jumatano asubuhi

Bila jina wanalitafuta jina. Niliwahi kutuma barua hiyo, kufikia mapumziko kila mtu alikuwa ameshaamua ni nani.

Nesi_Mstaafu, Jumatano asubuhi

Hapo mwalimu una uzoefu kuliko mimi. Nimeona barua zikisaidia na nimeona zikiumiza. Ninachoweza kusema ni kwamba ikitumwa mwanzoni mwa kila muhula, kabla hajagundulika yeyote, haimnyooshei mtu kidole. Na kwa mzazi asiyetibu, mtoto wake akibaki nyumbani chawa hawaondoki, wanalishwa tu mahali pengine. Mwite mama huyo, mwonyeshe namna ya kuchana. Wengi hawajui, wanaona haya kuuliza.

Mama_Nuru, Ijumaa usiku

Nimerudi na habari. Jumatano usiku tulipaka daimethikoni watatu, tumelala na vitambaa vya zamani juu ya mito. Alhamisi asubuhi nikaosha, nikachana: Nuru kumi na mmoja, mdogo wake kumi na nne, wote wamekufa. Hawa wadogo kabisa sikuwa nimewaona kabla.

Nilimpelekea mwalimu mkuu karatasi yenyewe na rula, nikamweleza habari ya sentimita. Alinisikiliza. Amekubali Nuru arudi Jumatatu, ila amesema taratibu ya mayai haibadilishi kwa sababu ya mtoto mmoja, kwa hiyo niyatoe yanayoonekana. Dada msusi, yanatoka kwa njia gani?

Msusi_wa_Mtaa, Ijumaa usiku

Kwa kondishena na kitana kilekile, lakini ukivute polepole ukikaza meno juu ya ganda. Yasiyotoka, shika unywele mmoja mmoja, libane ganda kwa kucha mbili uliteleze mpaka ncha. Au kata huo unywele na mkasi mdogo, nywele kumi hazimpunguzii kitu. Anza yanayoonekana juu na mbele, hayo ndiyo watakayotazama.

Mama_Nuru, Jumatano, siku ya saba baada ya daimethikoni

Jumapili nilichana, karatasi ya Nuru ikaja na mmoja mdogo mno, mweupe kama hana damu. Nikaogopa. Mama Nesi akaniambia pembeni kwamba huyo ametoka kwenye yai, ndiyo sababu ya kurudia. Leo usiku tumerudia. Nuru alirudi shule Jumatatu. Rafiki yake amehamishwa dawati, hilo ndilo lililomliza, si kitana.

Nesi_Mstaafu, Jumatano usiku

Endelea kuwachana wote wanne kila baada ya siku nne, Jumapili hii, Alhamisi inayofuata. Karatasi ikiwa safi mara mbili mfululizo, acha. Na kama mama wa huyo rafiki unafahamiana naye, mwambie ampekue binti yake. Mwambie wewe mwenyewe, asisikie kwa mwingine.

Mama_Nuru, Alhamisi ya wiki iliyofuata

Karatasi zote nne safi Jumapili, safi leo. Kwa mama wa rafiki yake nilikwenda Jumamosi na kitana mkononi. Alikataa kwanza, akasema binti yake hajikuni. Nikamwambia na wangu wa miaka 4 hakujikuna. Tukamchana pale pale barazani, akatoka na sita.